Anzeni na Meza ya Kusainia: Maandalizi ya Hafla ya Kusoma na Kusaini Kitabu

Waheshimiwa walimu, wakutubi na wauzaji wa vitabu, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandaa hafla ambayo mwandishi huisomea hadhira sehemu ya kitabu chake, kisha akakaa mezani na kuwasainia wasomaji nakala zao. Wengi wetu tukikabidhiwa kazi hii huanza na mwaliko. Tunaandika kadi, tunaituma kwa kila tunayemfahamu, baadaye tunahesabu viti, na mwisho kabisa, pengine asubuhi ya siku yenyewe, ndipo tunapokumbuka kutafuta meza ya mwandishi. Nimekuja kuwaomba mwanzie huko mnakomalizia. Anzeni na meza ya kusainia, mjue inaweza kuhudumia watu wangapi kwa muda mlio nao, halafu viti vifuate hesabu ya meza, na mialiko ifuate hesabu ya viti.

Jambo hili nililijua kwa njia ya aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia usomaji katika duka moja la vitabu lenye nafasi ya viti 60, na viti vyote vikajaa. Mwandishi alisoma vizuri, maswali yakawa mengi na mazuri, nami kwa furaha nikayaacha yaendelee. Tulipofika kwenye kusaini zilikuwa zimebaki dakika 35 kabla ya mgeni wetu kuondoka ili awahi safari. Watu 60 waliinuka kwa pamoja. Foleni ilianzia mezani, ikapita mbele ya keshia, ikaishia mlangoni, kiasi kwamba anayetaka kulipa, anayetaka saini na anayetaka kwenda zake walikuwa wakisukumana katika njia moja. Gari lilipofika, watu 25 walikuwa bado wamesimama na vitabu walivyokwisha kuvilipia kwa sababu ya saini ambayo hawakuipata. Niliwaomba radhi mmoja mmoja, na sijasahau nyuso zao.

Usiku ule nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mwezi mmoja kabla. Watu 35 walihudumiwa kwa dakika 35, yaani dakika 1 kwa kila msomaji. Mwandishi hakuwa mzembe. Ukimwacha peke yake mezani, hiyo ndiyo kasi ambayo mwandishi yeyote huenda nayo. Lakini saini yenyewe, hata ikiambatana na maneno mawili matatu, haichukui zaidi ya sekunde 10 au 15. Dakika nzima inakwenda wapi basi? Inakwenda katika kupokea kitabu, kukipekua hadi ukurasa unaofaa, kumwuliza msomaji jina lake katikati ya kelele, kuuliza linaandikwaje, kulikosea, kuomba radhi, kisha kusubiri rafiki wa msomaji atafute simu mkobani ili apige picha. Karibu kazi zote hizo zinaweza kufanywa na mtu mwingine kabla msomaji hajafika mezani.

Ninachofanya siku hizi ni hiki. Mtu anaponunua kitabu, au anapokaa kitini na nakala yake, msaidizi humpa kikaratasi aandike kwa herufi kubwa jina analotaka liandikwe kitabuni. Msilidharau jambo la tahajia: wapo wakina Aisha na wakina Aysha, na mtu aliyeandikiwa jina visivyo katika nakala ya kumbukumbu hawezi kufuta. Kikaratasi hicho huchomekwa kwenye ukurasa wa kusainiwa, kikachungulia juu, ili kitabu kifunguke pale pale. Msaidizi wa pili husimama kushoto kwa mwandishi, akapokea kitabu, akakifungua, akakiweka mbele yake. Msaidizi wa tatu, kama mnaye, huchukua simu ya msomaji na kupiga picha wakati mwandishi akiandika, wala hasubiri amalize. Kwa mpangilio huo nakala moja huchukua takriban nusu dakika. Sipendekezi kuteremka chini ya hapo, hata kama inawezekana, kwa sababu msomaji hakuja kugongewa mhuri. Amekuja kumwambia mwandishi neno moja, na nusu dakika inamtosha kulisema bila kuharakishwa.

Sasa niruhusuni nichukue mfano wa shule, nao niufuate hadi mwisho, maana shuleni ndiko hesabu hizi zinakogusa mambo mazito zaidi ya foleni. Tuchukulie kwamba mwandishi amekubali kukaa nanyi kwa saa 2, na darasa mnalotaka limhudhurie lina mikondo 3 ya wanafunzi 40 kila mmoja, yaani watoto 120. Wanafunzi wakiingia na kutulia, mkuu wa shule akisema machache, dakika 15 zimekwisha. Usomaji wenyewe upeni dakika 15, na maswali dakika 20. Tengeni dakika 10 za mgeni kunywa maji na kupumzisha sauti kabla hajaanza kusaini, na dakika 15 za mwisho ziacheni wazi kabisa, kwa sababu kila hafla huchelewa mahali fulani na heri ichelewe ndani ya muda uliotengwa. Kilichobaki kwa meza ni dakika 45. Kwa kasi ya nusu dakika, meza yenu inaweza kusaini nakala 90, wala si 120. Hilo mnapaswa kulijua kabla ya barua yoyote kutoka shuleni.

Hatua inayofuata ni kujua ni wangapi watakuwa na kitabu. Wiki 4 kabla ya siku hiyo wapelekeeni wazazi barua yenye fomu ya kuagiza kitabu, na malipo yote yapokelewe ofisini na kukamilika wiki 1 kabla ya hafla. Siku yenyewe pesa isionekane ukumbini. Ninalisisitiza hili kwa moyo wote. Nimewahi kuona meza ya mauzo ikiwekwa mlangoni mwa ukumbi wa shule, watoto wenye pesa wakipanga foleni ya kununua, na wenzao wakipita pembeni yao wameinamisha vichwa. Hakuna mwalimu aliyekusudia ubaya, lakini mtoto aliyepita pembeni alijifunza siku ile kwamba vitabu ni vya watu wengine.

Tuseme fomu zimerudi na watoto 70 wameagiza. Watoto 50 hawana kitabu, na swali ni watafanya nini wenzao wanapokwenda mezani. Jibu langu ni kwamba wote 120 waende mezani. Tengenezeni kadi ndogo nyembamba ya kuwekea alama kitabuni, yenye jina la kitabu na nafasi ya saini, na kila mtoto apewe, aliyenunua na asiyenunua. Mwenye kitabu atasainiwa kitabu, na kadi yake itabaki ndani ya kitabu. Asiye na kitabu atasainiwa kadi. Nakala 70 kwa nusu dakika ni dakika 35. Kadi 50 hazina ukurasa wa kutafuta, nazo huchukua sekunde 12 hivi kila moja, jumla dakika 10. Tumefika dakika zile zile 45. Wapangeni watoto kwa mkondo na kwa namba zao za darasani, wala si kwa wenye vitabu kwanza na wasio navyo baadaye, kwa sababu mstari wa namna hiyo utarudisha aibu ile ile tuliyoiondoa mlangoni. Shule ikiweza kununua nakala 3, moja kwa kila mkondo, mwandishi na azisaini mbele ya wote kwa jina la mkondo, zikae darasani au maktabani ambako kila mtoto atazifikia.

Fomu zingerudi 110, hesabu ingekataa: dakika 55 za vitabu na 2 za kadi haziingii katika 45. Hapo chaguo ni mbili tu. Ama mnamwomba mwandishi afike mapema na asaini sehemu ya vitabu katika ofisi ya walimu, vikiwa na vikaratasi vya majina tayari, ama mnapunguza mikondo. Msichague njia ya tatu, ya kutumaini kwamba mambo yatakwenda haraka.

Kwa upande wa wauzaji wa vitabu, hesabu ni hiyo hiyo ila mlango wake ni mwingine, kwa kuwa ninyi hamjui ni nani atakuja. Mkishajua kwamba duka lina viti 60 na meza ina dakika 45, mialiko inaanza kuonekana wazi. Katika hafla zisizo na kiingilio ambazo nimezisimamia, karibu theluthi ya waliothibitisha hawakufika, si kwa ubaya, bali kwa sababu kuthibitisha hakukuwagharimu kitu. Kwa hiyo kwa viti 60 huwa napokea uthibitisho wa watu 80, ambao wakipungua kwa theluthi hubaki 53 au 54, kisha nafunga orodha na kufungua orodha ya akiba. Kipimo hiki hakifai kwa mwandishi ambaye jina lake linavuta umati. Kwake pokeeni watu sawasawa na viti, kwa sababu hakuna atakayebaki nyumbani.

Mwaliko wenyewe uwe mfupi, lakini usikose mambo ambayo yakikosekana huleta ugomvi mlangoni. Andikeni nyakati mbili na si mmoja: kwa mfano, milango itafunguliwa saa 9 na nusu na usomaji utaanza saa 10 kamili. Mwaliko ukitaja wakati mmoja tu, nusu ya watu watauchukulia kuwa wa kuanza kuingia na nusu kuwa wa kuanza kusoma. Andikeni pia saa ya kumaliza. Semeni wazi kama mwandishi atasaini nakala ambazo watu wamezibeba kutoka nyumbani, na ni ngapi kwa kila mtu. Mimi hupendelea kuruhusu kitabu 1 chenye jina na maneno ya mwandishi, na vingine 2 vyenye saini tupu. Mwisho ulizeni kama mgeni atahitaji nafasi ya kiti cha magurudumu au mkalimani wa lugha ya alama, na muulize mapema, kwa kuwa mkalimani hapatikani asubuhi ya siku ya hafla. Tumeni mialiko wiki 3 hadi 4 kabla, na ukumbusho siku 2 kabla. Mwandishi naye aandikiwe miezi 2 kabla, barua ikitaja dakika za kusoma, dakika za kusaini, posho, na nani anagharimia usafiri. Anayesema tutaelewana akifika atakuja kukosana naye akiondoka.

Kuhusu nakala za kuuza, duka au shule nyingi huzichukua kwa mchapishaji kwa mali kauli: zinazouzwa zinalipiwa, zinazobaki zinarudishwa zikiwa safi. Hapo kuna mtego mmoja. Hafla inapokwisha na furaha bado ipo, mwandishi huona rundo la vitabu vilivyosalia na kujitolea kuvisaini vyote. Mshukuruni, lakini mpeni tu idadi ambayo duka limeamua kuinunua moja kwa moja, kwa sababu kwa kawaida kitabu kilichosainiwa hakirudishwi, na deni lake litakuwa lenu. Kubalianeni na mchapishaji juu ya jambo hilo kwa maandishi kabla vitabu havijafika.

Nimefika kwenye viti, na hapa nitakaa kidogo. Kosa la kwanza ni kupanga viti vingi kuliko watu. Watu 30 katika viti 60 huketi nyuma na pembeni, na mwandishi husomea safu 3 za viti vitupu vilivyo mbele yake. Watu hao hao 30 katika viti 25, huku vingine vikiletwa mbele ya macho yao, hujiona wamo katika hafla iliyofurika. Kwa hiyo mkitarajia 54, pangeni 40, na 20 vilivyobaki viegemezeni ukutani karibu na mtu aliyepewa kazi ya kuvifungua. Safu za mbele msizifunge kwa ajili ya wakubwa isipokuwa wamethibitisha; kiti cha mgeni rasmi asiyekuja humkodolea macho msomaji tangu mwanzo hadi mwisho.

Kosa la pili ni uelekeo. Simameni mahali atakapokaa mwandishi, mkitazama hadhira, na muulize mlango uko wapi. Ukiwa nyuma yake au ubavuni mwake, kila anayechelewa ataingia kama mwigizaji jukwaani, na macho yote yatamfuata. Mlango na uwe nyuma ya hadhira. Kisha kaeni kwenye kiti cha hadhira na mtazame mbele: nyuma ya mwandishi kukiwa na dirisha lenye jua, mtaona kivuli chenye sauti na si uso wa mtu. Ukuta au rafu ya vitabu ndiyo nyuma inayofaa. Fanyeni zoezi hili saa ile ile ya siku ambayo hafla itafanyika, kwa sababu jua la asubuhi halikuambii lolote kuhusu la jioni.

Safu zipangwe katika nusu duara iliyo pana kuliko kwenda nyuma, ili hata wa mwisho awe karibu. Kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti cha safu inayofuata acheni sentimita 90, ili mtu apite bila kuwainua wenzake, na njia kuu iwe na upana wa mita 1.2, kiti cha magurudumu kipite. Nafasi ya mwenye kiti hicho iachwe ndani ya safu, kwa kuondoa kiti kimoja, karibu na alioambatana nao, wala asiwekwe peke yake pembeni kama mzigo. Shuleni watoto wadogo wakae mbele kwenye mikeka, wakubwa nyuma kwenye madawati, na walimu watawanyike katikati yao badala ya kujipanga ukutani. Wakizidi watu 50 wekeni kipaza sauti hata kama mwandishi atasema sauti yake inatosha. Inatosha kwa dakika 5 za kwanza.

Na sasa viti vinakutana na meza, jambo ambalo siku ya aibu yangu sikulifikiria kabisa. Meza ya kusainia isiwe pale pale pa kusomea, wala isiwe karibu na mlango au keshia. Iwekeni upande wa ukuta ulio mbali na vyote viwili, na msomaji akimaliza aendelee mbele kutoka, asirudi alikotokea. Kisha mtangaze, kabla ya mtu kuinuka, kwamba mtaita safu moja moja, na wengine waendelee kukaa, wazungumze, wasome. Safu ya watu 10 hukaa mezani dakika 5. Mtu wa safu ya 6 anajua ana dakika 25 za kusubiri, na anazisubiri akiwa ameketi na kitabu mkononi. Foleni ya kusimama haizidi watu 10 wakati wowote. Wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga huitwa kwanza bila kuulizwa maswali. Nawahakikishia kwamba utaratibu huu mmoja umenipunguzia malalamiko kuliko mengine yote niliyowahi kujaribu, na haugharimu chochote ila mtu mwenye sauti ya upole wa kuita.

Mezani kwenyewe mambo ni machache. Wekeni kalamu 3 za aina ambayo mwandishi ameizoea, mkiwa mmezijaribu kwenye karatasi ya kitabu chenyewe. Ukurasa wa kusaini ni ule wa ndani wenye jina la kitabu na la mwandishi. Vitabu vya picha vya watoto mara nyingi vina karatasi inayong'aa ambayo hainywi wino. Hivyo vinahitaji kalamu ya wino usiofutika, karatasi laini ya kuchomeka kati ya kurasa, na msaidizi anayevishika wazi kwa muda kabla ya kumkabidhi mtoto, la sivyo mtoto atafika nyumbani na jina lake limechapika kwenye kurasa mbili. Kiti cha mwandishi kiwe na urefu wa kumwezesha kuandika bila kuinua bega. Kila baada ya nakala 30 msaidizi amwulize kwa siri kama anataka kupumzisha mkono, kwa sababu mwenyewe hatasema.

Kuhusu picha za watoto, ridhaa ya mzazi iombwe katika barua ile ile ya fomu ya kuagiza, na walimu wawe na orodha ya wasioruhusiwa kupigwa picha. Wasaidieni kwa utulivu; mtoto asiambiwe mbele ya wenzake kwamba yeye hapigwi.

Mgeni akishaondoka, vitabu vihesabiwe siku hiyo hiyo na watu wawili, na hesabu ya mali kauli iandikwe kabla ya viti kurudishwa. Andikeni pia saa aliposainiwa msomaji wa kwanza, saa aliposainiwa wa mwisho, na idadi ya nakala zilizopita kati ya saa hizo mbili. Nusu dakika niliyowapa leo imetokana na meza zangu mimi. Ya kwenu inaweza kuwa sekunde 25 au 50, na hiyo ndiyo mtakayoitumia kuhesabia viti na mialiko ya mwandishi atakayefuata.